Cherehani ya Awamu Nne

Nilikuwa fundi wa nguo kabla sijawa na cherehani. Watu hucheka nikisema hivyo, lakini mafundi wengi wa Majengo, pale Moshi mjini, miaka ile ya tisini walikuwa kama mimi. Unakodi cherehani ya mtu, unakaa kwenye baraza la mtu, jioni unamhesabia mwenye mali chake, kinachobaki ndicho unachopanda nacho nyumbani. Nyumbani kwangu kulikuwa Uru, mlimani, kwenye kihamba cha baba mkwe, shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa, nyumba yetu ikiwa upande wa chini na ya wakwe upande wa juu.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kufa. Mitumba ilikuwa imefunguliwa njia, na mtu anayeweza kununua gauni la Ulaya kwa bei ya chupa mbili za soda hawezi kukuletea kitambaa. Kilichobaki ni sare za shule, kwa sababu Ulaya hawakuwa wamevaa sketi ya bluu ya shule yetu. Ndiyo maana nilipopata kazi ya kushona sare za watoto wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, zaidi ya watoto arobaini, za kuvaliwa Januari, niliona mambo yangu yamekaa vizuri. Wazazi waliahidi kutoa malipo ya awali kila mmoja kwa nafasi yake. Kilichokosekana ni cherehani. Ile ya Majengo ilikuwa haipandi mlimani, na mwenyewe alisema wazi kwamba sare ni kazi kubwa na yeye angetaka kodi kubwa.

Wakati huo maduka ya Moshi yalikuwa yamejaa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni tulikuwa tukisimama mbele ya vioo na kuangalia tu: redio, majiko ya gesi, magodoro yenye maua. Duka moja lilikuwa limeandika kwa rangi nyekundu kwenye kadibodi, CHUKUA LEO, LIPA MARA NNE, BILA RIBA. Mwenye duka alikuwa mtu wa Rombo, ana duka jingine kule kwao Mkuu, mtu mnene mpole anayekusalimia kwanza hata kama ni mkubwa kwako. Aliyekaa kaunta alikuwa msichana wa huku huku Uru, wa kijiji cha juu yetu. Nilimfahamu kwa sura kanisani.

Msichana alinieleza mpango kwa uvumilivu. Cherehani ya miguu, mpya, bado ina mafuta ya kiwandani, ilikuwa shilingi laki moja na ishirini elfu. Unatoa thelathini, unaondoka nayo siku hiyo hiyo. Kisha unaleta thelathini nyingine kila Jumamosi ya pili, mara tatu. Wiki sita, umemaliza.

"Na riba?" nilimuuliza.

"Hamna, mama. Bei ni ile ile. Ila ukichelewa siku yako kuna faini, elfu tano kwa kila awamu isiyotimia. Na mpaka umalize, mashine ni ya duka. Mwezi ukipita baada ya awamu ya mwisho hujatimiza, tunaifuata."

Nilisaini. Sikusaini kwa ujinga, naomba ieleweke. Nilikuwa nimepiga hesabu ya malipo ya awali ya wazazi na nikaona kila Jumamosi ya pili itakuwa na thelathini yake. Kulikuwa na chama cha kuweka na kukopa pale parokiani, kikitoza shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi, lakini huko lazima uwe umeweka akiba miezi kadhaa, ujaze fomu, upate wadhamini, usubiri kikao. Januari haikuwa na muda wa kusubiri kikao. Isitoshe, kulipwa kwa awamu kwetu hakukuwa kitu kigeni. Kahawa tumelipwa hivyo maisha yetu yote: malipo ya kwanza ukipeleka, ya pili wakiuza, ya tatu ukibahatika. Chama cha msingi cha ushirika kilichelewa miaka nenda rudi na sikumbuki hata mtu mmoja aliyekitoza faini.

Cherehani ilipanda Uru juu ya pikapu ya mtu wa jirani, katikati ya mikungu, na mume wangu akaifuta kwa shati lake. Baba mkwe alikuja kuiangalia. Alikuwa mzee wa maneno machache, na alikuwa ameanza kuvimba miguu. Aliweka mguu kwenye kanyagio, akasukuma mara mbili tatu, gurudumu likazunguka, akacheka. Akarudi kwake.

Wiki iliyofuata nilishona bila kuinua kichwa. Fedha ya awamu ya pili ilikuwa tayari Jumatatu ya wiki ya pili, nimeifunga kwenye ncha ya kitenge. Jumatano asubuhi baba mkwe hakuamka.

Sasa mtu asiyejua msiba wa kwetu atauliza, si ungeteremka mjini mara moja ukalipe? Mke wa mtoto aliyefiwa na baba mkwe hateremki mjini. Anapika. Anachota maji, anatandika, anapokea watu wa jumuiya wanaokuja kusali rozari, anahesabu sufuria za kuazima. Nikionekana kituoni na mkoba wangu wakati mzee hajazikwa, ingezungumzwa mpaka leo. Mazishi yalipangwa Jumamosi, siku ile ile ya awamu yangu.

Alhamisi jirani yetu mmoja alikuwa anateremsha ndizi sokoni. Nikamwomba apite dukani awaambie tumefiwa, nitakuja tukimaliza matanga. Jioni aliporudi nikamuuliza wamesema nini.

"Wamesema poleni sana," alisema. "Mwenyewe alikuwepo. Kasikitika kweli."

Hilo lilinitosha. Kwetu, ukimwambia mtu anayekudai kwamba umefiwa, naye akasema pole, maana yake deni limekaa kimya. Hakuna anayeingia kwenye nyumba yenye msiba kudai. Hata mwenye kuuza mbege, pombe yetu ya ndizi, anayedai kila mtu kijijini na anayekumbuka vyote, hupita mbele ya nyumba yenye turubai akaangalia pembeni. Hatukuwahi kuandika sheria hiyo mahali popote kwa sababu hatukuwahi kukutana na mtu asiyeijua.

Fedha ile ilinitesa kwa njia nyingine. Kamati ya msiba ilikaa Alhamisi usiku, wakapanga kila nyumba ya ukoo itoe elfu kumi kwa ajili ya ng'ombe na chakula. Mume wangu alikuwa na tano. Alinitazama. Nilijua anachotaka na nilijua hatakisema mbele za watu. Nikatikisa kichwa. Ile thelathini ilikuwa ya duka, haikuwa yangu. Tukatoa tano, ikaandikwa tano. Wifi yangu mmoja, tulipokuwa tunamenya ndizi, aliona kitenge changu kimetuna pale nilipofunga, akakishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa. Hakusema kitu. Baadaye nilijua alisema, ila hakuniambia mimi.

Jumamosi tukazika. Baada ya kuweka mashada, katibu wa kamati alisimama kusoma waliotoa rambirambi: jumuiya hii, jumuiya ile, kwaya, chama cha msingi, wakwe wa Kibosho. Halafu akasoma jina la lile duka, shilingi elfu mbili. Nikainua kichwa. Yule msichana wa kaunta alikuwa amesimama nyuma na wasichana wenzake wa kijiji cha juu, kitambaa kichwani, na ndiye aliyekuwa ameleta bahasha. Watu waligeuka kuniangalia, kwa mara ya kwanza siku ile kwa jicho zuri. Duka la mjini kumtumia mzee wa Uru rambirambi! Mama mkwe mwenyewe, alivyokuwa ameshikwa huku na huku na wanawake, aliuliza ni nani hao. Wakamwambia ni watu wa mke wetu huyu. Nilijisikia mtu mkubwa. Ndiyo, siku ya mazishi, nilijisikia mtu mkubwa.

Tulinyoa nywele kumaliza matanga Jumanne, na Alhamisi nikateremka na thelathini yangu ikiwa bado na harufu ya moshi wa msiba. Msichana alinipa pole tena, akaipokea, akaniandikia risiti ya thelathini. Alipopiga muhuri kwenye kadi yangu alisita.

"Kuna elfu tano ya kuchelewa hapa, mama. Siku zimepita tano. Lakini mzee ataangalia."

Mzee ni mwenye duka. Ataangalia, nikasema moyoni, na ataona kwamba siku ile awamu ilipoiva yeye mwenyewe alikuwa anafariji. Sikuuliza zaidi. Ungeuliza nini?

Awamu ya tatu niliipeleka Jumamosi yake yenyewe, mapema, kabla duka halijafunguliwa vizuri. Ya nne vile vile. Siku hiyo ya nne nilivaa nguo ya kanisani, kwa sababu nilidhani nakwenda kumaliza. Nilimpa msichana thelathini, nikamwomba aniandikie kwamba cherehani sasa ni yangu. Akaangalia daftari lake, akaangalia mlango wa ofisi.

"Ngoja nimwite mzee."

Nilipokuwa nasubiri, kulikuwa na bwana mmoja na mkewe wanaangalia cherehani kama yangu kabisa. Mke anazungusha gurudumu, mume anapatana bei. Mwenye duka alitoka ofisini, akanisalimia, akaniomba nimpe dakika, akaenda kwao. Yule bwana alitoa noti mfukoni akazishika tu bila kuzihesabu, na bei ikaanza kushuka yenyewe. Laki na kumi na tano. Laki na kumi na mbili. Wakashikana mikono kwenye laki moja na nane. Mke akacheka, mwenye duka akacheka, mashine ikafungwa kamba.

Kisha akaja kwangu. Alikuwa hana haraka, wala hakuwa mkali. Alikaa, akaniwekea hesabu kama mwalimu.

"Awamu ya pili ilikuja Alhamisi badala ya Jumamosi. Hapo kuna faini elfu tano. Ulipoleta thelathini, tano ilikwenda kwenye faini, kwenye awamu ikaenda ishirini na tano. Awamu ikabaki na pungufu ya tano."

"Sawa," nilisema, ingawa haikuwa sawa.

"Wiki mbili baadaye ukaleta thelathini. Tano ikaziba lile pungufu, ishirini na tano ikaingia awamu ya tatu. Awamu ya tatu nayo haikutimia siku yake. Faini tano."

"Lakini nililipa siku yake!"

"Ulilipa siku yake, haikutimia siku yake. Leo umeleta thelathini. Tano faini, tano pungufu la awamu ya tatu, ishirini awamu ya nne. Imepungua kumi. Faini tano." Akachora mstari. "Inabaki kumi na tano, mama. Ukiileta leo tumemalizana."

Nilikuwa nimemlipa laki na ishirini kamili, bei yake yote aliyoiandika, na bado nilikuwa nadaiwa kumi na tano. Nilimuuliza kuhusu msiba. Nilimuuliza kama hakusema pole.

"Nilisema pole, na nilikuwa nasikitika."

"Na bahasha?"

Akaniangalia kana kwamba swali langu limemhuzunisha. "Rambirambi ilikuwa yangu mimi. Faini ni ya duka."

Naandika haya nikiwa mtu mzima, nimeshazika wengi na kulipa mengi, lakini sentensi ile bado inanipandisha damu. Mtu wa Rombo, wa mlima huu huu! Angekuwa mgeni kutoka bara jingine ningesema hajui. Alijua kabisa nyumba yenye matanga ni nyumba ya namna gani. Alijua mwanamke wa nyumba hiyo hawezi kuonekana mjini. Alichofanya ni kujigawa mara mbili, mmoja akaja mazishini na elfu mbili, mwingine akabaki kaunta akinihesabia elfu tano.

Nilimwambia pale pale, mbele ya yule msichana, kwamba sitoi hata senti. Nikamwambia hiyo "bila riba" yake aifute kwenye kadibodi. Nilikuwa nimepiga hesabu nikiwa nimesimama, fundi wa nguo hushinda na hesabu kichwani, na nikamtolea. Bei ya mashine ile si laki na ishirini. Ni laki na nane, nimeiona kwa macho yangu. Kwa hiyo siku nilipoichukua na kutoa thelathini, alichonikopesha ni sabini na nane, si tisini. Mimi nimemrudishia tisini. Hiyo kumi na mbili ni nini kama si riba? Na mkopo wenyewe haukukaa wiki sita zote, kwa sababu wiki ya pili nilipaswa nianze kuupunguza, kwa wastani umekaa mwezi mmoja hivi. Chama cha parokia kwa fedha hiyo na muda huo kingenitoza chini ya mia nane. Mia nane! Na hapo sijagusa faini. Nilichelewesha elfu thelathini kwa siku tano, mara moja tu katika maisha ya deni lile, na kwa siku hizo tano anataka kumi na tano. Elfu tatu kwa siku. Hata wale wanaokopesha walevi nyuma ya soko hawafiki huko.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hesabu yako ni nzuri. Kadi umesaini."

Nikaondoka.

Mume wangu aliponisikiliza jioni alisema tulipe tu tuishi. Nikakataa. Fedha ya kulipa nilikuwa nayo siku ile, sitasema uongo, ilikuwa fedha ya vitambaa vya wazazi waliochelewa. Lakini nilikuwa na haki, na mpaka leo naona nilikuwa na haki. Nilidhani mwenye haki akisimama, mwenye duka atachoka. Wiki zikapita, fedha ikawa vitambaa, vitambaa vikawa sketi na mashati, na mimi nikajisahaulisha kwamba mashine ni ya duka mpaka umalize.

Walikuja siku mbili baada ya Krismasi.

Mtu wa kwetu anajua siku hizo zilivyo. Ukoo wote uko nyumbani, kuanzia wa Dar, wa Arusha, hadi wa Mwanza. Magari yamepangwa kando ya barabara ya kijiji, mbege iko kwenye ndoo, nyama inakatwa, watoto waliozaliwa mjini wanaonyeshwa shangazi zao. Pikapu ikaingia mpaka uwanjani kwa mama mkwe ikidhaniwa ni mgeni mwingine, na watoto wakaikimbilia. Wakashuka vijana wawili wa duka na balozi wa nyumba kumi, maskini, aliyekuwa anakwepa macho ya kila mtu. Wakasalimia vizuri. Shikamoo kwa mama mkwe, shikamoo kwa wazee. Halafu wakasema wamefuata cherehani.

Ilikuwa chumbani kwangu na sketi nusu chini ya sindano. Waliitoa nayo hivyo hivyo, nikaikata uzi mwenyewe ili isichanike. Sare kumi na tisa zilikuwa bado. Wazazi wa baadhi ya watoto hao walikuwa hapo hapo uwanjani na vikombe vyao mkononi, na fedha zao nilikuwa nimeshazinunulia vitambaa. Shule inafunguliwa baada ya wiki mbili hivi. Ukiwaangusha wazazi mara moja, mwaka unaofuata kazi inakwenda kwa fundi mwingine, na fundi wa siku hizi za mitumba asiye na kazi ya sare si fundi tena.

Shemeji yangu mkubwa, wa Dar, alitaka kadi. Akaisoma kwa sauti, mbele na nyuma, akatoa hotuba ndefu juu ya mikataba na namna watu wa vijijini wanavyoibiwa kwa kutokusoma. Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye, si mimi. Vijana wa duka walimsubiri amalize kwa adabu kabisa. Kisha wakasema deni ni kumi na tano, na kwa kuwa gari limepanda, kuna kumi ya gari. Ishirini na tano. Ikitolewa sasa, mashine inashuka. Isipotolewa, mashine inauzwa na nilicholipa kinahesabika kodi.

Shemeji akakunja kadi. Mwingine akasema Krismasi imemmaliza. Mume wangu alikuwa anaangalia chini, ana elfu tatu na mia kadhaa, najua kwa sababu nilizihesabu mimi. Nilisema, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba waipeleke, mimi siombi. Na yule wifi aliyeshika kitenge changu akasema, si kwa sauti kubwa lakini iliyotosha, "Siku ya baba alikuwa na thelathini. Hakuitoa."

Nilimgeukia mama mkwe kwa sababu nilidhani hajui. Alikuwa anajua. Niliona usoni mwake kwamba amejua siku zote hizo, tangu siku ile ya kumenya ndizi.

Alikuwa bado amevaa nyeusi. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa na noti zimekunjwa kwenye leso. Kila mtu pale alijua ni fedha gani, kwa sababu ilikuwa imesemwa kwenye kikao cha ukoo: ni mabaki ya rambirambi, ya kununua saruji, ili vijana wajenge kaburi la mzee kabla hawajarudi mjini. Mifuko mitano. Mchanga ulikuwa umeshaletwa, umemwagwa pale chini ya migomba karibu na kaburi lenyewe.

"Mama, hapana," nilimwambia. "Mama, nakuomba."

Alimhesabia kijana wa duka ishirini na tano mkononi, akamwambia, "Haya. Ishusheni."

Wakaishusha. Wakaandika risiti. Mmoja akaipigia kadi yangu muhuri wa mwisho kwenye boneti ya gari, akanikabidhi, akasema hongera. Walikaribishwa mbege, maana hawawezi kuja nyumbani Krismasi wakaondoka koo kavu, wakanywa kikombe kimoja kila mmoja.

Kwa hiyo nikawa na cherehani. Iligharimu laki moja na arobaini na tano, mashine ya laki na nane. Thelathini na saba juu, kwa kukopeshwa sabini na nane, karibu nusu ya mkopo, na wala mwaka haukuwa umepita. Hiyo ndiyo hesabu ninayoweza kuiandika.

Sare nilizimaliza. Nilishona mchana na usiku, watoto wakaingia shule wote wakiwa bluu. Vijana wa ukoo walirudi Dar na Arusha mchanga ukiwa pale pale. Katikati ya Februari, wazazi walipomaliza kunilipa, nilimpelekea mama mkwe ishirini na tano yake kwa mikono miwili. Aliipokea, akanishukuru. Saruji ilikuwa imepanda, ishirini na tano haikununua tena mifuko mitano, na hapakuwa na kijana wa kuchanganya zege wala fedha ya kumlipa fundi. Tukasema tusubiri kahawa. Kahawa mwaka ule mliisikia bei yake ilivyoanguka.

Masika yakaja kabla ya kahawa. Mvua ya Uru hainyeshi kwa mchezo, maji yanashuka kutoka msituni yakipita kati ya migomba, na kaburi la udongo wa miezi mitano haliwezi kushindana nayo. Likatitia upande wa kichwani, likafanya shimo lenye maji. Asubuhi moja nilimwona mama mkwe kupitia dirisha langu, ameinama pale peke yake na jembe na karai, kanga imelowa mgongoni, anabeba udongo na kulijazia kaburi la mumewe. Nilisimamisha kanyagio, nikatoka mbio bila viatu. Nilichukua karai mkononi mwake. Alilirudisha kwake taratibu, bila hasira yoyote.

"Nenda kashone," alisema.